Dhahabu ya chama imeshuka bei, niwaandikie nini wanachama?

Salaam nyingi, Mshauri.

Mimi ni mama mwenye duka dogo, na ni mwekahazina wa chama cha ushirika cha uwekezaji huku Umoja, Nairobi. Tuko wanachama 40. Wengi wetu ni wachuuzi wa sokoni, walimu na watu wa matatu, na kila mmoja amechanga sawa na mwenzake. Sehemu ya akiba yetu tuliiweka kwenye dhahabu. Si ya kushika mkononi. Tulinunua vipande vya mfuko wa dhahabu unaouzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kupitia kwa wakala. Tulinunua mara tatu, vipande 200 kila mara. Mara ya kwanza kipande kilikuwa shilingi 4,200, mara ya pili 5,000, na juzijuzi 5,200. Jumla tulitoa 2,880,000.

Mwisho wa mwezi uliopita bei ilikuwa 5,200, nami nikasoma kwenye ripoti kwamba dhahabu yetu ni 3,120,000. Watu walipiga makofi. Mwezi huu kipande kimeshuka hadi 4,680, yaani asilimia kumi kwa mwezi mmoja, na thamani yote sasa ni 2,808,000. Ni hasara ya karatasi tu, hatujauza hata kipande kimoja, lakini nani atanielewa? Tayari kwenye kundi letu la WhatsApp mtu ameuliza, "Laki tatu zetu zimeenda wapi?" Mwingine akamjibu kwa kikatuni cha mtu anayekula ugali.

Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana, anasema tunyamaze hadi mkutano mkuu, pengine bei itakuwa imerudi. Katibu anataka niandike barua leo hii niwatulize watu. Nimeandika rasimu inayosema, "Msiwe na wasiwasi, dhahabu hushuka ikapanda, hatujapoteza chochote." Kila nikitaka kuituma mkono unakataa.

Kuna pia mama mmoja anayetaka kutoka chamani, na anadai 78,000 kwa sababu hilo ndilo fungu lake kwa hesabu niliyoisoma. Na baada ya miezi minne tunapaswa kumaliza kulipia ploti yetu ya Kitengela. Tulipanga laki tisa zitoke kwenye dhahabu. Niseme nini, na niseme lini?

Mwekahazina, Umoja

*

Dada yangu,

Huo mkono unaokataa una sababu, na nadhani mwenyewe unaihisi. Ulipowasomea 3,120,000, chama kilijiona kimeongeza 240,000 juu ya pesa kilizotoa. Je, kuna aliyesimama siku hiyo akasema, "Tulieni, hiyo ni faida ya karatasi, hatujauza"? Kama hakuna, basi leo mwanachama ana haki ya kuuliza mbona ilipopanda ilikuwa mali yetu, na iliposhuka imegeuka karatasi. Bei ya mwezi uliopita ilikuwa ya kweli kwa sababu mngeweza kuuza kwayo. Ya leo ni ya kweli kwa sababu iyo hiyo. "Hatujapoteza chochote" haitasimama mbele ya mwalimu mmoja mwenye kikokotoo, na ikianguka hiyo, kila sentensi nyingine ya barua itaanguka nayo.

Hapo hapo nikuulize kuhusu lile neno lako, "nani atanielewa?" Una wachuuzi wa sokoni chamani. Anayenunua nyanya Marikiti alfajiri kwa bei moja, akafika Umoja akakuta lori jingine limeshusha na bei imeteremka, anajua kabisa kwamba kreti zake ziko kamili na pesa zake hazijakamilika. Sidhani wanachama wako hawaelewi kushuka kwa bei. Nadhani wanauliza jambo jingine, na lile swali la kundini ukilisoma tena utaliona: "zimeenda wapi?" Hawakuuliza kwa nini bei imeshuka. Wanauliza kama dhahabu ipo.

Na hapa Nairobi hilo si swali la kipuuzi. Mji huu umejaa visa vya dhahabu bandia: ofisi za kukodi Kilimani, masanduku yenye kufuli, vumbi la shaba linalong'arishwa, wageni waliolipa mamilioni wakaondoka na vyuma. Neno dhahabu likitajwa hapa, watu hufikiria utapeli kabla ya kufikiria uwekezaji. Kwa hiyo kabla hujagusa bei, barua ina kazi ya kuonyesha idadi. Vipande vilikuwa 600 mwezi uliopita na ni 600 leo. Vimeandikwa kwa jina la chama katika akaunti ya CDS, ile ya kielektroniki inayotunza hisa, si kwa jina lako wala la mwenyekiti, na taarifa ya akaunti hiyo huombwa kupitia wakala wenu. Iombe inayoonyesha salio la tarehe ya ripoti iliyopita na salio la leo. Ukiwa na karatasi hiyo, swali la "zimeenda wapi" linapata jibu lisilotegemea sauti yako wala heshima yako. Ukiikosa, hata maelezo mazuri ya soko la dunia yatasikika kama maneno ya mtu anayejitetea. (Ikiwa akaunti ilifunguliwa kwa jina la mtu binafsi kwa urahisi wa wakati ule, hilo ni jambo zito kuliko bei, na afadhali ulijue wewe kabla ya yule mwenye kikatuni.)

Baada ya idadi ndipo ije sababu, na hii usiinakili kutoka kwenye habari za simu. Ipime mwenyewe. Bei ya kipande chenu kwa shilingi huendeshwa na mambo mawili. La kwanza ni bei ya wakia ya dhahabu duniani, ambayo hunadiwa kwa dola. La pili ni shilingi ngapi zinanunua dola moja. Hivi viwili huweza kwenda njia tofauti. Chukua Februari 2024. Dhahabu ilianza na kumaliza mwezi karibu pale pale, kama dola 2,040 kwa wakia. Lakini serikali ilikuwa imepata Eurobond mpya, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya kulipia ile iliyokaribia kuiva, na shilingi ikapata nguvu ghafla: dola iliyokuwa karibu 160 ikamaliza mwezi karibu 145. Aliyekuwa na dhahabu Nairobi alipoteza kama asilimia tisa ya thamani kwa shilingi, katika mwezi ambao dhahabu yenyewe haikusogea. Mwekahazina aliyeandika siku hizo kwamba "dhahabu imeanguka duniani" aliwaambia watu wake uongo bila kujua.

Kwa hiyo tafuta bei ya wakia ya siku zile mbili, ya ripoti iliyopita na ya leo, kisha chukua kiwango cha dola cha siku zizo hizo kutoka Benki Kuu ya Kenya, ambayo hukitangaza kila siku ya kazi. Ukizidisha dola kwa shilingi kwa kila tarehe, ukalinganisha, utapata asilimia ya kushuka. Ikikaribia kumi, bei uliyoisoma sokoni inaeleweka, na utajua ni nani kati ya wawili wale aliyeivuta chini. Ikiwa mbali na kumi, simama kwanza. Mfuko huu hauna wanunuzi wengi katika soko letu, na hupita siku bila mauzo yoyote au kwa mauzo machache sana. Bei inayoonekana kwenye orodha yaweza kuwa ya muamala mdogo wa siku kadhaa nyuma. Hapo utakuwa unawaandikia watu kuhusu hasara iliyo ndogo au kubwa kuliko ilivyo kweli.

Usitarajie hesabu ilingane kabisa, lakini. Kila kipande kilianza kikiwakilisha takriban sehemu moja ya mia ya wakia, na sehemu hiyo hupungua kidogo kidogo kwa sababu ada ya usimamizi hutolewa kwenye dhahabu yenyewe. Kwa mwezi mmoja ni tofauti ndogo mno. Kwa miaka mingi huonekana.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo barua nyingi za aina hii hupotoka hata kama mwandishi hakukusudia. Wewe unazo hasara mbili, na zote ni sahihi. Tangu ripoti iliyopita, thamani imepungua kwa 312,000. Tangu mlipotoa pesa mfukoni, imepungua kwa 72,000, kwa kuwa mlilipa 2,880,000 na leo ni 2,808,000. Kishawishi ni kuandika ya pili peke yake, maana ni asilimia mbili na nusu tu na haitishi mtu. Lakini watu wako wanakumbuka 3,120,000, ile waliyoipigia makofi. Wataitoa wenyewe, wapate 312,000, na kuanzia hapo utaonekana umeficha. Ukiandika ya kwanza peke yake, nayo itawafanya waamini wamepoteza pesa walizochanga, na sehemu kubwa ya hizo hawakuwahi kuzichanga. Zilikuwa ongezeko la bei. Ziandike zote mbili, moja baada ya nyingine, ukisema kila moja inapimwa kutoka wapi.

Kuna ya tatu ambayo ningeiweka akiba kwa ajili ya mkutano. Vipande 200 vya kwanza, mlivyonunua kwa 4,200, bado viko juu ya gharama kwa 96,000. Vya pili viko chini kwa 64,000, na vya juzi viko chini kwa 104,000. Jumlisha utapata ile 72,000 ya hasara. Hii itakusaidia mtu akiinuka kusema dhahabu ilikuwa wazo baya tangu mwanzo. Lakini itazaa pia swali la nani alipendekeza ununuzi wa mwisho, na barua si mahali pa kulianzisha.

Tumfikie yule mama, kwa sababu nadhani yeye ndiye jambo la haraka kuliko yote uliyoniandikia. Fungu lake moja kati ya arobaini lina namba tatu. Alichanga 72,000. Ripoti ya mwezi uliopita ilimpa 78,000. Leo vipande vyake 15 vina thamani ya 70,200. Anadai 78,000, na ninamwelewa. Wewe ndiye uliyeisoma. Tuseme mnampa. Zinabaki 2,730,000 kwa watu 39, na kila mmoja anakuwa na 70,000 badala ya 70,200. Mia mbili tu, mtu atasema, mama wa watu apewe aende zake kwa amani.

Ila wengine wataona. Wakija kumi kwa bei ileile ya 78,000, mtatoa 780,000, zitabaki 2,028,000 kwa watu 30, na kila aliyebaki atakuwa na 67,600. Wakija ishirini, aliyebaki atakuwa na 62,400. Kila anayetoka kwa bei ya zamani anaacha hasara yake mezani ili wengine waigawane, na anayechelewa kutoka ndiye anayelipa zaidi. Kuanzia hapo hata mwanachama aliyekuwa ametulia atakuwa na sababu nzuri ya kukimbia. Na pesa za kuwalipa zitatoka wapi? Mtauza vipande, pengine kwa haraka, katika soko lenye wanunuzi wachache. Hapo ile hasara ya karatasi itakuwa hasara ya fedha taslimu kwa mikono yenu wenyewe.

Je, alipwe 72,000 alizochanga? Linasikika la haki, na vyama vingi hufanya hivyo kwa huruma. Ni lile lile kwa kiwango kidogo: wenzake watamlipia 1,800. Na jiulizeni, bei ingekuwa 5,200 angekubali kurudishiwa 72,000 tu? Au alipwe 70,200, thamani ya leo, ukitoa ada ya wakala ikiwa vipande vyake vitauzwa kweli? Hesabu hiyo haimuumizi aliyebaki wala kumpendelea, lakini yeye ataondoka akisema amedhulumiwa, na ataisema kwa majirani. Kuna pia njia ya mwanachama mwingine kulinunua fungu lake kwa bei ya siku bila chama kuuza kitu. Kabla ya yote haya, fungua sheria ndogo za chama usome kifungu cha kutoka. Katika vyama vya ushirika mara nyingi hisa hazirudishwi taslimu bali huhamishiwa mwanachama mwingine, na hutakiwa notisi. Kama kifungu kipo, hamna haja ya kubuni huruma wala ukali. Kama hakisemi bei ipi itumike, basi mna pengo la kuzibwa kwa uamuzi wa mkutano, na uamuzi huo uandikwe kabla ya kulipa mtu yeyote, akiwemo huyu.

Kuhusu ploti, hapa ndipo ningependa uitazame upya ile sentensi yako kwamba dhahabu hushuka ikapanda. Imewahi kufanya hivyo, ndiyo. Lakini kwa muda gani? Mnamo Septemba 2011 wakia ilifika karibu dola 1,900. Kufikia Desemba 2015 ilikuwa karibu 1,050. Ile bei ya 2011 haikupitwa hadi 2020. Aliyenunua kileleni alisubiri karibu miaka tisa ili kuona dola zake zimerudi, na dhahabu haikumpa gawio wala riba wakati akisubiri. Aliyenunua kilele cha Januari 1980, dola 850, alisubiri hadi 2008. Sisemi itakuwa hivyo tena. Yaweza kurudi kabla barua yako haijasomwa. Nasema kwamba ninyi mna miezi minne, na kwa pesa yenye tarehe, kurudi kwa bei baada ya mwaka hakusaidii.

Zigeuze laki tisa kuwa vipande, ndipo wanachama watakapoona uzito wa jambo. Kwa bei ya 5,200 mngeuza vipande 174. Kwa bei ya leo ni 193, kabla ya ada. Mkisubiri na bei ikashuka asilimia kumi nyingine, hadi 4,212, mtahitaji 214. Mkisubiri na ikarudi 5,200, mtarudi kwenye 174. Kwa maneno mengine, kusubiri ni kuwekea dau vipande kama 20 upande huu au ule. Kuuza 193 leo, ukichukua gharama ya wastani ya 4,800 kwa kipande, ni kukubali hasara halisi ya 23,160 na kubaki na vipande 407 vinavyoendelea kupanda na kushuka. Kuna watakaotaka kuuza vyote kwa hofu, na watakaokataa kuuza hata kimoja kwa sababu "ukiuza ndipo umepoteza." Hawa wa pili waulizwe kwa upole laki tisa zitatoka wapi, na muuza ploti anatoza nini mkichelewa. Kukopa kwa ajili ya awamu hiyo ni njia pia, lakini riba yake ni ya uhakika, na kupanda kwa dhahabu si kwa uhakika. Wengine watapendekeza muuze kidogo kidogo kila mwezi hadi tarehe ifike. Hiyo hupunguza majuto ya pande zote mbili, ingawa haiondoi hatari.

Lolote mtakalochagua, kumbuka soko hili ni jembamba. Oda ya vipande 193 huenda isijazwe kwa siku moja kwa bei unayoiona, na mkikubali bei yoyote ilmradi iuzwe, mtauza chini. Pesa zenyewe huingia siku tatu za kazi baada ya mauzo. Msingoje wiki ya mwisho.

Sasa nyamaza au andika? Namwelewa mwenyekiti. Si mtu wa kuficha, ninavyomsoma; anaogopa hofu isikimbize watu, na hesabu ya mama yule inaonyesha woga wake una msingi. Ila ukimya unafanya kazi mahali ambapo hakuna anayejua, na kwenu kundi zima limeshajua. Bei ya kipande iko wazi kwa yeyote mwenye simu. Kinachokosekana ni sauti ya kamati tu. Kwa upande mwingine, haraka ya katibu nayo ina hatari yake: barua iliyotoka leo bila taarifa ya CDS na bila kujua kifungu cha kutoka itabidi ifuatwe na barua ya kuirekebisha, na barua ya pili ndiyo huamsha mashaka. Huenda kati ya wawili hao kuna siku chache za kukusanya karatasi. Wakati ukizikusanya, mstari mmoja kundini unatosha: bei imeshuka, vipande viko vyote, barua yenye taarifa ya akaunti inakuja siku fulani. Taja siku unayoweza kuitimiza.

Nimejaribu kuiandika barua yenyewe kwa namba zako. Ibadilishe iwe ya sauti yako:

"Wanachama wapendwa, nawaandikia kuhusu dhahabu ya chama. Siku ya ripoti iliyopita tulikuwa na vipande 600. Leo tuna vipande 600, kwa jina la chama. Taarifa ya akaunti ya CDS imeambatishwa, na yeyote atakaye anaweza kuja tuisome naye pamoja.

Bei ya kipande imeshuka kutoka 5,200 hadi 4,680. Kwa hiyo thamani ya vipande vyote imepungua kwa 312,000 tangu ripoti ile, na sasa ni 2,808,000. Sisi tulivinunua kwa 2,880,000. Tungeuza vyote leo, tungepata 72,000 pungufu ya tulizotoa, na ada ya wakala ingeongezea hapo. Hatujauza.

Bei imeshuka kwa sababu dhahabu imeshuka katika soko la dunia. Kiwango cha dola hapa kwetu hakikubadilika sana. Kamati haijui kama itapanda au itashuka zaidi, na haiahidi.

Thamani tuliyoisoma mwezi uliopita ilikuwa bei ya siku ile. Kuanzia sasa kila ripoti itaonyesha tarehe ya bei, idadi ya vipande, gharama tuliyolipa na thamani ya siku, ikiwa juu au chini.

Mambo mawili tunahitaji kuyaamua pamoja: anayetoka atahesabiwa kwa bei ya siku gani, na laki tisa za ploti zitatoka wapi na lini. Hadi hapo, maombi yote ya kutoka yatashughulikiwa kwa mujibu wa sheria ndogo."

Sentensi za soko la dunia na za dola ziandike tu kama kipimo chako kimekubali. Na ile ya "hatujauza" ikague pia, kwamba hakuna vipande vilivyowekwa dhamana ya mkopo wowote.

Utaona sikuweka "msiwe na wasiwasi." Mwenye 70,200 mahali alipodhani ana 78,000 anaruhusiwa kuwa na wasiwasi, na akiambiwa asiwe nao hujiuliza kuna nini. Sikuweka pia jina la mama yule. Mpigie simu au mtembelee kabla barua haijatoka, umwonyeshe namba zake tatu kwenye karatasi moja, na umsikilize. Pengine ana ada ya shule au mgonjwa, na shida yake si dhahabu hata kidogo. Hapo mkopo mdogo wa chama, kama mnayo nafasi, waweza kumfaa kuliko kutoka. Pengine ameshakata shauri. Hilo ni lake.

Rasimu mpelekee mwenyekiti nyumbani, si kundini, na umpe nafasi ya kuipunguza au kuiongeza. Kama atataka mstari uondolewe, muulize ni namba ipi anayoiona si sahihi. Kama hatakubali itumwe kabisa, soma sheria ndogo zinasema ripoti ya mwekahazina hutolewa kwa idhini ya nani, maana katika vyama vingine ni wajibu wako mwenyewe na katika vingine ni wa kamati nzima, na hapo utajua unasimama wapi kabla ya kuamua.